Mikimbio ya Ziada Katika Kriketi na Anayeandikiwa

Katika kriketi, timu haipati mikimbio kwa gongo peke yake. Jumla inayoonekana kwenye ubao hutokana na mafungu mawili. La kwanza ni mikimbio ambayo kila mpigaji ameipata kwa kuupiga mpira. La pili ni mikimbio ya ziada, ile ambayo timu huipewa ama kwa sababu upande unaorusha umevunja sheria, ama kwa sababu wapigaji wamekimbia wakati mpira haukuguswa na gongo. Fungu hili la pili halina jina la mpigaji yeyote. Huandikwa chini ya orodha ya wapigaji, kwenye mstari wake wenyewe, pamoja na herufi zinazoonyesha lilikotoka: w au wd kwa waidi, nb kwa noboli, b kwa bai, na lb kwa legi bai.

Mtazamaji mgeni huupita mstari huo bila kuusoma, na hapo hukosa jambo kubwa. Tarehe 29 Februari 1996, katika Kombe la Dunia, Kenya ilicheza na West Indies mjini Pune, India. Kenya ilipiga kwanza na wapigaji wake wote wakatolewa kwa mikimbio 166. Mpigaji wake aliyepata mingi zaidi alikuwa Steve Tikolo, mwenye 29. Mstari wa ziada ulikuwa na 37: waidi 14, noboli 15 na legi bai 8. Maana yake ni kwamba zaidi ya moja ya tano ya jumla ya Kenya haikutoka kwenye gongo la Mkenya yeyote, na hakuna mpigaji aliyeufikia mstari ule. West Indies, waliokuwa wameshatwaa kombe hilo mara mbili, walitolewa wote kwa 93, na Kenya ikashinda kwa mikimbio 73. Sifa za siku ile zinawastahili Maurice Odumbe na wenzake kwa jinsi walivyorusha, lakini hata wao walikuwa na cha kulinda kwa sababu warushaji wa West Indies waliwapa nyongeza.

Ili kuuelewa mstari huo, swali la kuuliza kila mara ni moja: mkimbio huu umeandikiwa nani? Kila mpira unaorushwa huandikwa sehemu mbili. Upande mmoja mwandishi wa alama huandika kilichopatikana, ama kwa jina la mpigaji ama kwenye ziada. Upande wa pili huandika kilichomgharimu mrushaji, yaani mikimbio inayohesabiwa dhidi yake katika rekodi yake. Aina nne za ziada zinatofautiana hasa katika upande huu wa pili. Waidi na noboli huandikwa dhidi ya mrushaji. Bai na legi bai haziandikwi dhidi ya mtu yeyote. Mgawanyo huo una mantiki: waidi na noboli ni makosa ya urushaji, ilhali bai na legi bai huanza na mpira uliorushwa kihalali kabisa, ambao haukupigwa na haukuzuiwa.

Waidi ndiyo nyepesi kutambua. Ni mpira unaompita mpigaji kwa mbali kiasi kwamba hawezi kuufikia kwa pigo la kawaida, pale alipo na pia pale ambapo angekuwa kama angesimama mahali pake pa kawaida. Masharti hayo mawili ni ya lazima yote. Mpigaji anayeruka pembeni ili mpira uonekane uko mbali hapewi waidi kwa ujanja huo, na mpigaji aliyeusogelea mpira hadi ukawa karibu naye hawezi kudai kwamba ulikuwa mbali. Katika mechi za ova chache, ambako kila mkimbio ni wa thamani, waamuzi huwa wakali kuliko katika mechi za siku tano. Mpira unaopita nyuma ya miguu ya mpigaji, hata kwa upana mdogo, kwa kawaida huitwa waidi, na upande wa pili huchorwa mistari midogo chini ili kumsaidia mwamuzi. Ishara yake ni mikono yote miwili iliyonyooshwa pembeni, usawa wa mabega. Mpira ukigusa gongo au mwili wa mpigaji hauwezi kuwa waidi. Kama mwamuzi ameshaita, huifuta ishara yake.

Waidi moja huipa timu inayopiga mkimbio mmoja, na mpira huo hauhesabiwi katika sita za ova, kwa hiyo lazima urushwe mwingine. Wala hauhesabiwi miongoni mwa mipira aliyokabiliana nayo mpigaji. Kinachowachanganya wengi ni kinachofuata mpira ukimponyoka mlinda wiketi. Wapigaji wakikimbia mara mbili baada ya waidi, timu hupata mitatu, na yote mitatu ni waidi. Mpira ukifika kwenye mpaka wa uwanja, timu hupata mitano, na yote mitano ni waidi. Hakuna bai hapo, hata kama kila aliyekuwa uwanjani ameona kwamba mlinda wiketi alizembea. Mrushaji ndiye anayeandikiwa mitano. Ni hukumu kali kwa mrushaji aliyekosea kidogo tu, na walinda wiketi wazuri huthaminiwa na warushaji wao kwa sababu hiyo: kila mpira wa pembeni wanaoudaka hupunguza hasara kutoka mitano hadi mmoja.

Mpigaji anaweza kutolewa katika waidi, ingawa si kwa njia zote. Hawezi kudakwa, kwa kuwa mpira aliougusa si waidi tena. Lakini akitoka nje ya mstari wake kuufuata mpira, akaukosa, na mlinda wiketi akaudaka na kuangusha vijiti kabla hajarudi, ametoka. Waidi inabaki kuwa waidi, mkimbio mmoja unaongezwa, na mrushaji anaandikiwa mambo mawili kwa mpira uleule: mkimbio dhidi yake na wiketi kwa sifa yake.

Noboli ni pana zaidi, kwa kuwa sababu zake ni nyingi. Iliyo maarufu ni ya mguu. Mbele ya vijiti, umbali wa mita 1.22, umechorwa mstari. Mguu wa mbele wa mrushaji unapokanyaga, sehemu fulani ya mguu huo, hata kisigino kilicho hewani, lazima iwe nyuma ya mstari. Usipobaki na chochote nyuma yake, ni noboli. Mguu wa nyuma nao haupaswi kugusa mstari wa pembeni. Mwamuzi wa uwanjani alikuwa na kazi ngumu ya kuangalia mguu chini na, papo hapo, kuinua macho kufuata mpira, na mengi yalimpita. Katika Kombe la Dunia la ova ishirini la wanawake la mwaka 2020, kazi ya kuangalia mguu wa mbele ilikabidhiwa kwa mwamuzi wa televisheni, na tangu hapo utaratibu huo umeenea katika mechi za kimataifa.

Sababu nyingine zinahusu mpira wenyewe au wachezaji wengine. Mpira unaomfikia mpigaji bila kudunda ukiwa juu ya kiuno, kwa kipimo cha mpigaji aliyesimama wima kwenye mstari wake, ni noboli, maana ni hatari. Mkono unaonyooshwa kwenye kiwiko kama mtu anayetupa jiwe ni kosa pia. Mrushaji akivunja vijiti vya upande wake anaporusha, ni noboli. Hata mchezaji wa mbali anaweza kuisababisha: upande unaorusha ukiwa na zaidi ya wachezaji wawili nyuma ya mpigaji katika upande wa miguu yake, mbali na mlinda wiketi, mwamuzi huita noboli na mrushaji ndiye anayebeba hasara, ingawa hakukosea kitu. Ishara ni mkono mmoja ulionyooshwa pembeni.

Adhabu ya noboli ni mkimbio mmoja, na mpira hurudiwa. Tofauti kubwa na waidi ni kwamba mpigaji anaweza kuupiga mpira huu na kuvuna. Akipiga nne, nne hizo ni zake kwa jina, na ule mmoja wa adhabu ndio unaokwenda kwenye ziada. Timu imepata mitano. Mpigaji ana minne. Ziada ina mmoja. Mrushaji anaandikiwa yote mitano. Mpira huo huhesabiwa miongoni mwa mipira aliyokabiliana nayo mpigaji, kwa sababu alikuwa na nafasi ya kuupiga, ingawa hauhesabiwi katika ova.

Je, asipougusa na wapigaji wakakimbia? Hapa sheria ilibadilika. Zamani mikimbio ya namna hiyo iliandikwa yote kuwa noboli, na mrushaji akaibeba yote. Tangu sheria mpya zilizoanza kutumika Oktoba 2017, mmoja wa adhabu ni noboli, na iliyokimbiwa huandikwa bai, au legi bai kama mpira ulimgusa mpigaji mwilini. Kwa hiyo noboli iliyofuatwa na bai mbili huipa timu mitatu, lakini mrushaji anaandikiwa mmoja tu. Badiliko hili ni la haki, kwa maana linamtoza mrushaji kosa lake na si zaidi. Linaifanya pia noboli itofautiane na waidi kwa namna ambayo hata wafuatiliaji wa miaka mingi huisahau: kinachokimbiwa baada ya waidi ni cha mrushaji, kinachokimbiwa baada ya noboli bila gongo si chake.

Hasara halisi ya noboli mara nyingi iko nje ya huo mkimbio mmoja. Mpigaji hawezi kutolewa katika noboli kwa kudakwa, kwa vijiti vyake kuangushwa na mpira, wala kwa kuzuia vijiti kwa mguu. Anaweza kutolewa mbioni, au kwa makosa mawili yasiyotokea mara kwa mara: kumzuia mpinzani kwa makusudi na kuupiga mpira mara mbili. Katika fainali ya Kombe la Mabingwa jijini London, tarehe 18 Juni 2017, Fakhar Zaman wa Pakistani alikuwa na mikimbio mitatu tu alipougusa mpira wa Jasprit Bumrah na mlinda wiketi akaudaka. Picha zilionyesha mguu wa Bumrah ulivuka mstari. Fakhar alirudi akaendelea hadi 114, Pakistani ikafikisha 338 na kushinda kwa tofauti ya mikimbio 180. Katika kitabu, kosa lile ni noboli moja.

Katika mechi za ova chache kuna adhabu ya pili. Mpira unaofuata noboli ni pigo huru: mpigaji hutolewa kwa zile njia chache tu ambazo angetolewa katika noboli yenyewe. Pigo huru lilianza kwa noboli za mguu, kisha mwaka 2015 likapanuliwa katika mechi za kimataifa kwa noboli za kila aina. Kama mpira wa pigo huru nao ni waidi au noboli, pigo huru halijatumika; linahamia mpira unaofuata.

Bai huja mpira halali unapompita mpigaji bila kugusa gongo wala mwili wake, na wapigaji wakawahi kukimbia, au mpira ukafika mpakani. Mwamuzi huinua mkono mmoja wazi juu ya kichwa. Mikimbio ni ya timu. Mpigaji hapati kitu, ila mpira umehesabiwa kuwa amekabiliana nao, na umehesabiwa pia katika ova. Mrushaji haandikiwi chochote, kwa sababu alirusha vema na mpigaji akashindwa kuugusa. Kama yuko wa kulaumiwa, ni mlinda wiketi, ambaye kazi yake ni kuudaka. Hata hivyo, hakuna safu katika kitabu inayomhesabia hasara hiyo kama rekodi ya mrushaji inavyohesabiwa. Wasomaji wa alama huitazama tu jumla ya bai na kufanya hukumu yao, nao inafaa wawe waangalifu. Kwenye kiwanja chenye nyufa, ambapo mpira unaruka bila mpango au unateleza chini, bai nyingi zinaweza kuwa kosa la ardhi kuliko la mikono.

Legi bai inafanana na bai, isipokuwa mpira umegusa mwili wa mpigaji au vifaa alivyovaa: mguu, nyonga, bega, kofia. Jina lataja mguu tu, ila sheria inahusu mwili wote. Mkono uliolishika gongo, pamoja na glovu yake, huhesabiwa kuwa sehemu ya gongo. Mpira ukigonga hapo, mikimbio ni ya mpigaji. Vilevile mpira uliogusa gongo kwanza, hata kwa unyoya, kisha ukagonga mguu, ni wa gongo. Hapo ndipo waamuzi hukosea mara nyingi, kwa sababu mguso mdogo hausikiki penye kelele, na mpigaji hujikuta amepoteza mikimbio yake kwa fungu la ziada. Dalili nzuri ni kumtazama mwamuzi baada ya mpira kufika mpakani. Kama ameinua goti moja na kuligusa kwa mkono, ni legi bai. Kama amepunga mkono kifuani bila kugusa goti, ameona gongo.

Legi bai ina sharti ambalo bai haina. Mikimbio hiyo hukubaliwa tu ikiwa mpigaji alijaribu kuupiga mpira kwa gongo, au alijaribu kuukwepa usimuumize. Aliyeweka mguu mbele makusudi na kuficha gongo nyuma hawezi kujipatia mikimbio kwa mguu wake. Mwamuzi husubiri wakimbie mkimbio wa kwanza au mpira ufike mpakani, kisha husimamisha mchezo, huifuta mikimbio na kuwarudisha wapigaji walikokuwa. Husubiri kwanza kwa sababu maalumu: upande unaorusha upewe nafasi ya kumtoa mtu mbioni.

Hakuna anayeandikiwa legi bai. Mrushaji hana deni, na hata mlinda wiketi halaumiwi, kwa kuwa mpira uliogonga mguu unaweza kwenda popote. Kwa hiyo ova yenye bai au legi bai inaweza kubaki ova safi, ile ambayo mrushaji hakuruhusu mkimbio hata mmoja, ingawa ubao umesogea. Waidi moja au noboli moja huiharibu ova hiyo. Haikuwa hivyo siku zote: kabla ya miaka ya 1980 waidi na noboli pia hazikuandikwa dhidi ya mrushaji, kwa hiyo rekodi za warushaji wa zamani haziwezi kulinganishwa na za leo bila kukumbuka hilo.

Ova moja iliyochezwa Melbourne, Australia, tarehe 23 Oktoba 2022, inaonyesha karibu mambo haya yote yakitokea ndani ya dakika chache. Lilikuwa Kombe la Dunia la ova ishirini. Pakistani ilikuwa imepata 159, na India ilihitaji mikimbio 16 katika ova ya mwisho, iliyorushwa na Mohammad Nawaz. Mpira wa kwanza, Hardik Pandya alidakwa. Wa pili, Dinesh Karthik alipata mmoja. Wa tatu, Virat Kohli alikimbia miwili. Zilibaki mipira mitatu na mikimbio 13.

Nawaz alirusha mpira wa juu usiodunda, na Kohli akaupeleka nje ya mpaka bila kugusa ardhi. Mwamuzi akaita noboli ya kiuno. Wachezaji wa Pakistani walilalamika, lakini uamuzi ulibaki. Hesabu ya mpira huo: sita kwa jina la Kohli, mmoja kwenye ziada kama noboli, saba dhidi ya Nawaz, na hakuna mpira uliopungua katika ova. Zilibaki mikimbio sita kwa mipira mitatu, na pigo huru mkononi.

Mpira uliofuata ulikuwa waidi: mmoja kwenye ziada, mmoja dhidi ya Nawaz. Pigo huru likahama. Kisha Nawaz akarusha mpira uliompita Kohli na kugonga vijiti. Siku nyingine yoyote huo ungekuwa mwisho wa Kohli. Kwa kuwa lilikuwa pigo huru, hakutoka, na mpira ambao haujamtoa mtu haufi kwa sababu tu umegonga vijiti. Ulitoka kwenye vijiti ukaenda nyuma, na Kohli na Karthik wakakimbia mara tatu huku Pakistani wakidhani mchezo umesimama. Gongo halikugusa mpira, mwili haukuguswa, mpira haukuwa waidi wala noboli. Kwa hiyo ni bai tatu. Kohli hakupata hata mmoja kati ya hiyo, ila mpira mmoja uliongezwa kwenye hesabu ya mipira aliyokabiliana nayo. Nawaz naye hakuandikiwa hata mmoja. Alikuwa ametenda kile hasa ambacho mrushaji hutafuta, na kitabu kikamtendea haki, ingawa timu yake ilipoteza mikimbio mitatu.

Zilibaki mbili kwa mipira miwili. Karthik alitoka nje ya mstari na mlinda wiketi Mohammad Rizwan akaangusha vijiti. Akaingia Ravichandran Ashwin, akiwa na mpira mmoja wa kupata miwili. Nawaz alirusha upande wa miguu. Ashwin akauacha upite bila kuugusa, na mwamuzi akanyoosha mikono yote miwili. Waidi. Kwa utulivu ule wa kutoinua gongo, alama zikawa sawa na mpira wa mwisho ukarudishwa. Ashwin aliupiga kwa mkimbio mmoja, India ikafika 160 na kushinda.

Ova hiyo ya mipira sita ilirushwa mipira tisa: sita halali, noboli moja na waidi mbili. India ilipata 16. Kumi ilitoka kwenye gongo: minane ya Kohli, mmoja wa Karthik na mmoja wa Ashwin. Sita ilikuwa ya ziada: noboli moja, waidi mbili, bai tatu. Nawaz aliandikiwa ile kumi ya gongo, noboli na waidi, jumla 13. Tofauti kati ya 16 na 13 ni zile bai tatu zisizo na mwenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo chombo cha mwandishi wa alama cha kujikagua. Mikimbio ya wapigaji wote ikijumlishwa na ziada zote lazima iwe sawa na jumla ya timu. Mikimbio iliyoandikwa dhidi ya warushaji wote ikijumlishwa na bai na legi bai lazima ifikie jumla ileile. Kwa ile mechi ya Pune, wapigaji wa Kenya walipata 129 na ziada ni 37, jumla 166. Warushaji wa West Indies lazima wawe wameandikiwa 158 kwa pamoja, maana nane zilikuwa legi bai. Kitabu kisipolingana upande wa pili, mahali pa kwanza pa kutafuta kosa ni bai iliyobebeshwa mrushaji, au waidi iliyokimbiwa ambayo mwandishi aliigawa, mmoja waidi na iliyobaki bai. Waandishi wanaotumia karatasi hujikinga kwa alama ndogo katika kila ova: msalaba kwa waidi, duara kwa noboli, pembetatu kwa bai, na pembetatu iliyopinduliwa kwa legi bai.

Kuna fungu la tano ambalo halionekani kila mechi. Mpira unaochezwa ukigonga kofia ya upande unaorusha iliyowekwa chini nyuma ya mlinda wiketi, au timu ikifanya kosa fulani la utovu wa haki, mwamuzi huwapa wapinzani mikimbio mitano ya adhabu. Nayo ni ya timu peke yake: haimhusu mpigaji, haimgusi mrushaji, na katika kulinganisha kitabu huwekwa pamoja na bai na legi bai.